Shoti ya tatu: mkono wa hina uliotushinda na jinsi tulivyouandika upya

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: video ya wima ya sekunde 30, ya mama mmoja hapa Unguja anayepaka maharusi hina. Angeweza kuchukua simu akawarekodi wateja wake na mambo yakaisha, lakini hapo ndipo penye kikwazo. Maharusi wake hawataki mikono yao izunguke mitandaoni, na yeye haoni uso wa kuwaomba. Mtoto wa watu yumo ndani, anasubiri siku yake, utamwambiaje akunyooshee mkono mbele ya kamera? Ndiyo akanijia. "Mwanangu, nasikia siku hizi akili mnemba inatoa video za watu wasiokuwepo. Basi nitolee bi harusi asiyekuwepo."

Nilikubali upesi kuliko nilivyostahili. Katika video za namna hii mkono ndio unaoharibika mwanzo, na michoro myembamba ndiyo inayoanza kumetameta. Hina ni vyote viwili kwa pamoja, tena mteja anataka vionekane kwa karibu, maana ndiyo biashara yake.

Skripti ya kwanza ilikuwa na shoti saba. Sita zilitoka kwa shida ya kawaida. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha macho siku nne, na ndiyo ninayotaka kuifungua hapa. Niliiandika hivi:

"Bi harusi amekaa mkekani, ameegemea mto wenye foronya ya kanga. Mpaka hina amemshika mkono, anamchora maua kiganjani kwa koni. Wanazungumza na kucheka. Kamera inawazunguka taratibu."

Ukiisoma kama mtu, haina ubaya wowote. Mpiga picha yeyote wa harusi angeipiga kwa dakika tano.

Kilichotoka

Prompti yenyewe, yaani maelezo unayoiandikia modeli ya akili mnemba ili ikutolee video, niliiandika kwa Kiingereza, kwa sababu modeli hizi zimelishwa maelezo ya lugha hiyo kuliko ya Kiswahili. Klipu ya kwanza ilikuwa na fremu 81 kwa kasi ya fremu 16 kwa sekunde, yaani sekunde tano na chembe. Sekunde ya kwanza ilikuwa nzuri mpaka nikatabasamu. Kisha dole gumba la mpaka hina likapita juu ya vidole vya bi harusi, na lilipoondoka, pale palipokuwa na shahada na cha kati palikuwa na vidole vitatu. Hakuna kilichoruka wala kukatika. Kidole cha ziada kilimea taratibu kama kilikuwepo siku zote, na hiyo ndiyo sababu mara ya kwanza sikukiona kabisa.

Koni nayo ilikuwa na vituko vyake. Ncha ilizama ndani ya nyama kidogo, halafu mstari wa hina ukawa unatokea mbele ya ncha badala ya nyuma yake, kana kwamba koni inaufuata mstari uliokwisha kuchorwa. Ua la kiganjani lilikuwa na petali tano, likawa sita, mwisho likageuka jani. Foronya ya kanga ilikuwa inachemka. Maua yake hayakuhama mahali, ila kila moja lilibadilika ndani kwa ndani kila fremu, kama uji jikoni. Na pale pa jina la kanga palikuwa na herufi zisizo za lugha yoyote duniani.

Nilifanya linalofanywa na kila mtu: nikabonyeza tena. Nikabadilisha mbegu, ile namba ya kuanzia inayoamua bahati ya klipu, nikatoa nyingine, na nyingine. Nikaongeza prompti hasi, orodha ya nisivyovitaka: vidole vya ziada, mikono iliyoharibika, kumetameta. Klipu 14 zikatoka, kila moja na kilema chake. Prompti hasi ilisaidia kidogo kwenye rangi na ukali wa picha, ila kwenye vidole haikusaidia. Sababu yake naiona hivi: prompti hasi huisukuma picha mbali na sura fulani ya jumla, na modeli haina mahali popote inapohesabu vidole. Imejifunza jinsi mkono unavyofanana, na katika picha nyingi ilizoziona mikono imekunjwa, imeshika kitu, imefichwa nusu. Vidole vitatu vinavyoonekana ni jambo la kawaida kabisa. Kosa jingine nililifanya kwa kudhani natibu: niliandika "mkono wenye vidole vitano". Ukitaja vidole, modeli inakuonyesha vidole, vimetanuka vyote mbele ya kamera, na ndilo pozi baya kuliko yote.

Nikampelekea mama klipu niliyoona ni afadhali, ili apate kuona kazi inaendelea. Akaitazama mara mbili. Vidole hata hakuvitaja. "Hii si hina, hii piko. Hina gani inatoka kwenye koni ikiwa nyeusi na kavu? Watu watasema mama fulani siku hizi anapaka piko, na piko inawababua watoto." Alikuwa na haki. Hina inatoka ikiwa uji mzito wa kijani cha udongo, imeinuka juu ya ngozi, inang'aa unyevu; ukiibandua unaona rangi ya chungwa, na inakolea kesho yake na keshokutwa. Modeli ilikuwa imechora hina iliyokwisha kukolea moja kwa moja kutoka kwenye koni. Mimi niliyekuwa nahesabu vidole siku nzima sikuliona hilo.

Rula badala ya bahati

Siku ya tatu niliacha kubonyeza, nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Nasikitika sikuanza na hili.

Modeli nyingi za video hazichori pikseli moja kwa moja. Picha hubanwa kwanza ikawa gridi ndogo, modeli inafanya kazi yake ndani ya gridi hiyo, kisha inafumuliwa kuwa video. CogVideoX, HunyuanVideo na Wan 2.1, ambazo ni modeli huria za 2024 na 2025, zote zinabana mara 8 kwa upana, mara 8 kwa urefu na mara 4 kwa muda. Fremu yangu ilikuwa ya pikseli 480 kwa 832. Gawanya kwa 8: gridi inakuwa ya visanduku 60 kwa 104. Video nzima ya bi harusi, mkeka, mto, koni na ua inaishi humo.

Sasa weka mkono. Shoti ya watu wawili waliokaa inachukua upana wa kama mita 1.2. Mita 1.2 kwa pikseli 480 ni pikseli nne kwa kila sentimita. Kiganja cha sentimita 8 kinapata pikseli 32, na vidole vinne vikigawana hizo, kila kimoja kina pikseli 8. Yaani kidole kimoja, kisanduku kimoja. Kisanduku si nukta tupu, kinabeba namba kadhaa zinazoeleza kilichomo, kwa hiyo modeli si kipofu. Lakini vidole viwili vikigusana, mpaka wa kuvitenganisha unakuwa mwembamba kuliko kisanduku chenyewe, na baada ya hapo anayefumua anabuni.

Muda nao una habari yake. Fremu 81 zinabanwa kuwa vipande 21: fremu ya kwanza peke yake, zilizobaki nne nne. Kwa kasi ya fremu 16 kwa sekunde, fremu nne ni robo sekunde. Kitu chochote kinachoanza na kwisha ndani ya robo sekunde, kama kidole kupita juu ya kingine, modeli inakibana kwenye kipande kimoja cha muda. Ndiyo maana kidole cha ziada kilimea pale pale dole gumba lilipopita, wala si kabla.

"Basi sogeza kamera," utasema. Nilisema hivyo hivyo. Nikaandika shoti ya karibu, mkono mmoja umejaa fremu, upana wa sentimita 16. Hapo kila milimita ina pikseli tatu. Kidole kinapata pikseli kama 50, visanduku sita, na kweli vidole vilitulia. Klipu tatu kati ya nne zilikuwa na vitano, kila kimoja mahali pake. Lakini mstari wa hina wa mama una unene wa kama milimita moja. Pikseli tatu. Haufiki hata nusu ya kisanduku. Mkono ukawa mzima na ua likawa linachemka kama foronya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa na vipimo viwili, si kimoja, na umbali unaokitibu kimoja hautibu kingine. Nikauliza kinyumenyume: ili mstari wa milimita moja upate visanduku viwili, pikseli 16, kamera iwe wapi? 480 gawanya kwa 16 ni 30. Fremu ichukue milimita 30 za ngozi. Sentimita tatu! Hiyo ni ncha ya kidole na kipande kidogo, au katikati ya kiganja. Na kwenye sentimita tatu hakuna mkono tena wa kuhesabu vidole, kuna ngozi na hina tu.

Kwa hiyo kulikuwa na mahali pawili salama: mbali kiasi kwamba mkono hausomeki, au karibu kiasi kwamba mkono haupo. Pale katikati, ambapo mtu wa kawaida angeweka kamera, ndipo penye shimo. Skripti yangu ya mwanzo ilikuwa imekaa katikati kabisa.

Kumetameta, ambako si kumoja

Kabla sijaandika upya ilibidi nijue lile tatizo la pili linatoka wapi, kwa sababu neno moja "kumetameta" lilikuwa linaficha mambo matatu tofauti na nilikuwa nayatibu yote kwa dawa moja.

Njia niliyotumia ni ya kutoa kila fremu kwenye iliyotangulia, kwa ffmpeg, programu ya kuhariri video kwa kuandika amri. Kilichotulia kinakuwa cheusi, kilichobadilika kinang'aa:

```
ffmpeg -i s3.mp4 -vf "format=gray,tblend=all_mode=difference" tofauti.mp4
```

Kwenye shoti ya kwanza, ya uani asubuhi, fremu nzima ilikuwa inawaka na kuzimika kwa pamoja. Huo ni mwanga wa jumla unaopanda na kushuka, na ndio rahisi kuliko yote. ffmpeg ina kichujio kinachosawazisha mwanga kwa wastani wa fremu jirani, na kiliumaliza:

```
ffmpeg -i s1.mp4 -vf deflicker=size=5 s1b.mp4
```

Kwenye shoti ya tatu, usuli ulikuwa mweusi na vilivyowaka ni foronya, ukili wa mkeka na ua la hina peke yake. Kichujio kile hapo hakina la kufanya, maana mwanga wa jumla haujabadilika. Kilichobadilika ni mchoro wenyewe. Nilikijaribu hata hivyo, nikapoteza nusu saa. Mchemko wa namna hii hauna dawa baada ya klipu kutoka. Unaondolewa kwenye skripti: ukiandika "mto wa kanga" umeagiza mchemko, ukiandika "mto wa kitambaa cheupe kisicho na maua" hujauagiza. Iliniuma, kwa sababu chumba cha harusi bila kanga ni kama hospitali. Tulichofanya ni kuiacha kanga kwenye shoti moja tu, imekunjwa, iko mbali na iko nje ya foukasi, jina lake likiwa ndani ya mkunjo. Kitu chenye ukungu hakina mistari ya kuchemka.

Cha tatu nilikitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nazikuza klipu kutoka 480 hadi 1080 kwa programu inayonoa fremu moja moja. Kila fremu ilinolewa vizuri sana, ila kila moja kwa namna yake, na zilipopangwa pamoja ngozi ikawa inacheza. Niliigundua kwa kulinganisha: klipu mbichi ilikuwa tulivu kuliko iliyokuzwa. Nikaacha urembo, nikakuza kwa njia ya kawaida isiyobuni kitu:

```
ffmpeg -i s3.mp4 -vf "scale=-2:1920:flags=lanczos,crop=1080:1920" s3k.mp4
```

Picha ikawa laini zaidi, si kali. Kwenye skrini ya simu hakuna aliyelalamika.

Shoti moja ikawa tano

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya mwanzo uihesabie madeni. Watu wawili wanaogusana mikono, hapo una vidole ishirini vinavyofichana. Chombo chenye ncha kinachogusa ngozi. Mchoro unaokua huku unatazamwa. Vicheko, ambavyo ni meno na midomo inayosogea. Kamera inayozunguka, hivyo kila kitu lazima kichorwe upya kutoka upande ambao modeli haikuuona. Ukili. Kanga. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Nilikuwa nimevirundika vyote ndani ya sekunde tano.

Kukata shoti hakukuwa kukimbia kazi. Hata mpiga filamu mwenye kamera ya kweli angekata tendo hili vipande, kwa sababu jicho linaunganisha lenyewe. Ukionyesha koni imeshikwa, kisha uso unaotazama chini, kisha hina iko juu ya ngozi, mtazamaji ataapa kwamba aliona ikichorwa.

Ya kwanza katika tano ni chombo: koni imelazwa kwenye kisahani, kando yake nusu ya limau, nyuma yake chetezo kinafuka udi. Hakuna mkono. Kamera imesimama. Moshi ndio unaosogea peke yake, na moshi modeli hizi zinaufanya vizuri mno, kwa kuwa hakuna anayejua moshi wa sekunde iliyopita ulikuwa na mikono mingapi.

Ya pili ni uso wa bi harusi kwa upande, mtandio kichwani, kikuba kifuani, anatazama chini nje ya fremu. Prompti ilikuwa na tendo moja tu: anapepesa macho, kisha anatabasamu bila kufungua mdomo. Mikono iko chini ya ukingo wa picha na haikutajwa hata mara moja. Kikuba nilikitaka ingawa maua ya asumini ni madogo na yana hatari yake. Nilikiweka pembeni, foukasi ikiwa usoni.

Ya tatu ni kuchora kwenyewe, na hapa lazima niseme kweli: haikutoka. Hata kwa sentimita tatu, ncha ya koni na mstari unaoota nyuma yake havikuelewana. Klipu sita, na katika zote uji wa hina ulitangulia ncha au uliota pande mbili kwa wakati mmoja. Nikamweleza mama. Akafikiri kidogo, akasema, "Mkono wangu mwenyewe si nina ruhusa nao?" Akajichora juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, mimi nikamrekodi kwa simu kwa karibu kiasi kwamba haionekani ni mkono wa mtu mzima au wa mwari. Sekunde nne. Ndiyo shoti pekee ya kweli katika video nzima, na ndiyo inayozifanya nyingine ziaminike.

Ya nne ni hina mbichi juu ya ngozi. Hapa sikuiomba modeli ibuni ua. Nilipiga picha ya simu ya kazi ya mama pale pale kwenye kifundo, nikaikata ikabaki sentimita tatu, nikaipa modeli kama fremu ya kwanza. Prompti: kamera inateleza kidogo sana kwenda kulia, mwanga unapita juu ya hina iliyolowa, ngozi haisogei. Ua lilikuwa la kweli tangu mwanzo, kazi ya modeli ikawa kulihifadhi tu. Rangi nayo ikawa sawa, kijani cha udongo, na malalamiko ya piko yakaisha.

Ya tano ni mkono mzima, kwa sababu mteja alisisitiza uonekane angalau mara moja. Niliuandika hivi: mkono umelala juu ya mto mweupe, umetazamwa kutoka upande wa dole gumba, vidole vimeshikana, hausogei, pazia linapepea nyuma. Ukiutazama mkono kutoka upande huo, dole gumba na shahada vinaonekana na vilivyobaki vimejificha nyuma kihalali. Hakuna vya kuhesabiwa. Hina hapo iko mbali, inasomeka kama kivuli cha rangi ya chungwa na si kama mistari, basi haina cha kuchemka. Hii ilitoka mara ya pili tu nilipobonyeza.

Mkia wa klipu

Katika klipu zinazoanza na picha, fremu ya kwanza ndiyo picha yenyewe, na kila unavyokwenda mbele modeli inaiacha nyuma zaidi. Fremu chache za mwanzo mara nyingi zimeganda, kisha panakuja eneo zuri, kisha uharibifu unaanza. Katika klipu zangu eneo zuri lilikuwa kama fremu ya 6 hadi ya 45, sekunde mbili na nusu. Niliiandika skripti nikijua kwamba kutoka kila klipu ya sekunde tano nitakula nusu na kutupa nusu.

Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kinyume: nachukua fremu ya mwisho ya klipu, naifanya ya kwanza ya klipu inayofuata, ili nipate tendo refu. Kufika kiungo cha tatu uso wa bi harusi ulikuwa mwekundu na vivuli vimekolea kupita kiasi. Mama alicheka: "Huyu kila akikaa anazidi kuiva." Unakuwa unairithisha modeli makosa yake yenyewe, nayo inayakuza. Kila shoti ikianza na picha yake safi, urithi huo unakatika.

Kukagua nako nilikubadilisha. Video ikicheza, jicho linasamehe, ndiyo maana kile kidole cha ziada kilinipita. Sasa nachukua fremu moja katika kila nne na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja:

```
ffmpeg -i s5.mp4 -vf "select='not(mod(n,4))',scale=240:-2,tile=7x3" -frames:v 1 s5.png
```

Zinatoka picha 21, mistari mitatu ya saba, karibu sawa na vile vipande 21 vya muda nilivyovitaja. Naufungua ukurasa, naweka kidole changu juu ya skrini na kuhesabu kila mkono, mmoja mmoja, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kuanzia mwisho kuna sababu: ukianza mwanzo unakuwa umeshauzoea mkono kabla haujaharibika.

Jambo la kasi ya fremu lilibaki kidogo. Video ya simu ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde, za modeli 16, na ukizipanga bega kwa bega zile za modeli zinaonekana zinakwamakwama. Niliziongezea fremu za katikati kwa programu, ila kwenye moshi, uso na ile ya ngozi tu. Ile ya mkono mzima niliiacha kama ilivyo. Programu hizo zinabuni fremu kwa kuchanganya mbili, na kwenye kingo za vidole zinaacha kivuli cha kidole cha roho. Kwa kuwa mkono hausogei, hakuna aliyejua.

Video ilikwenda na shoti 11 badala ya saba, nyingi za sekunde mbili na kitu. Kilema kimoja kipo mpaka leo: kwenye shoti ya kisahani, moshi unapopita mbele ya chetezo, nakshi zake zinabadilika zikitokea upande wa pili. Mama hajakiona, nami sijamwambia.

Wiki mbili baadaye alinipigia tena. Dada yake anaongoza kikundi cha akina mama wanaoimba na kupiga makofi kwenye sherehe za harusi, nao wanataka video kama ile, wanawake kumi wamekaa duara, makofi kwa pamoja. Nilimwomba dakika moja nifikiri, ingawa hakukuwa na la kufikiri. Mikono ishirini kwa umbali ule ule wa katikati, kila miwili inagusana, na kofi moja linakwisha ndani ya robo sekunde. Nikamuuliza hao akina mama wenyewe wana ubaya gani na kamera. Hawana, akasema, wanapenda mno. Basi Jumapili nilikwenda na simu na kiti cha kuiegemezea.